Mgodi Jirani, Maji ya Nani? Somo la Mto Tigithe kwa Mkulima wa Mtwara



Wiki hii naandika kuhusu jambo ambalo vijana wengi wa bustani hapa kwetu wananiuliza nikipita mashambani. Mtu amekodi ekari mbili upande wa Mikindani au Hiari, amechimba kisima, amenunua pampu, anapanda nyanya na hoho. Halafu anasikia karibu na hapo watu wanafungua machimbo mapya, yawe ya mawe ya chokaa, kokoto au mchanga. Swali lake ni moja tu: "Bwana shamba, maji yangu yatakuwaje?"

Swali hili halijibiwi kwa hisia. Nchi yetu ina mfano uliosimuliwa na pande zote, wanakijiji, kampuni, wataalamu na Serikali, nao ni mfano wa Mto Tigithe kule Nyamongo, wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Najua ni mbali na Shangani, na kule ni dhahabu wakati huku kwetu ni chokaa. Ila kilichowakwamisha watu wa kule kinaweza kumkwamisha mtu yeyote mwenye kisima jirani na shimo. Kwa hiyo tuuangalie polepole, kisha turudi nyumbani.

Kilichotokea Tigithe

Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Barrick iliuchukua mwaka 2006, baadaye ukawa chini ya African Barrick Gold, ambayo ilikuja kuitwa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikaununua tena kabisa. Chini ya mgodi unapita Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara, na Mto Mara unakwenda kuingia Ziwa Viktoria. Watu wa vijiji vya pale walikuwa wakichota, wakioga, wakinywesha ng'ombe na kumwagilia mboga kwenye mto huo huo.

Mei 2009, maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi na kuingia Tigithe. Wanavijiji walisema samaki walikufa, mifugo ilikufa, na watu waliooga walipata vidonda na ngozi kubabuka. Wapo waliosema hata watu walipoteza maisha. Kampuni ilikubali kwamba maji yalivuja, ila haikukubali kwamba vifo vilitokana na maji hayo.

Sasa hapa lazima tuelewe kitu kimoja, maana wengi wakisikia mgodi wa dhahabu wanawaza sayanaidi peke yake. Kilichotajwa sana Tigithe mwaka ule ni tindikali inayotengenezwa na mawe yenyewe.

Jiwe linavyogeuka tindikali

Kwenye miamba mingi yenye dhahabu kuna madini yanayoitwa pairaiti. Yanang'aa manjano, ndiyo yale yanayowadanganya watu wakidhani ni dhahabu. Ndani yake kuna chuma na salfa. Yakikaa chini ya ardhi hayana shida, kwa sababu hayapati hewa. Mgodi unapochimba shimo, unatoa mawe mengi kuliko yale yenye dhahabu. Yale yasiyo na faida, yaani mawe taka, yanarundikwa pembeni kama kilima.

Kwenye rundo lile hewa inaingia katikati ya mawe, mvua nayo inapita. Salfa ikikutana na hewa na maji inazaa tindikali ya salfa, ileile iliyo kwenye betri ya gari, ila hafifu zaidi. Tindikali hiyo ikishuka inayeyusha vyuma vilivyo ndani ya mawe: nikeli, risasi, shaba, manganizi na wakati mwingine aseniki. Maji yanayotoka chini ya rundo yanakuwa makali na yamebeba vyuma. Bakteria waliomo kwenye mawe huharakisha kazi hii, kwa hiyo rundo likishaanza kuchacha, halisimami kirahisi. Linaweza kutoa tindikali miaka mingi hata baada ya mgodi kufungwa.

Ndiyo maana mgodi unaojua mawe yake yana salfa hutakiwa kuyatenga, kuyafunika kwa udongo wa mfinyanzi ili hewa isipite, na kuyakusanya maji yake kwenye bwawa lililotandikwa nailoni nzito chini. Bwawa likivuja au likifurika, maji yanafuata mteremko hadi mtoni. Mvua nazo zina tabia yake: wakati wa kiangazi chumvi za tindikali hujikusanya juu ya mawe, halafu mvua za kwanza huziosha zote kwa mpigo. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa Agosti kinaweza kuonyesha maji safi kabisa, na cha wiki ya kwanza ya mvua kikaonyesha maafa.

Kampuni ilisema nini

Kuhusu 2009, maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba watu waliiba ile nailoni ya kutandika chini ya bwawa, na wizi huo ndio ulioleta uvujaji. Ikasema imeziba, imeweka nailoni mpya, imeongeza uwezo wa kusafisha maji, na kwamba hali ya mto ilirudi kawaida.

Mimi sioni sababu ya kuyadharau maelezo hayo. Nailoni nzito ni mali kijijini, watu wanaezekea, wanaanikia, wanatengenezea mabwawa ya samaki. Ila mkulima anayesoma maelezo haya ajiulize swali la ziada: kama usalama wa mto mzima unategemea karatasi moja ya nailoni, je, kulikuwa na kinga ya pili? Kwenye umwagiliaji hatuweki vali moja pale ambapo ikiharibika shamba zima litazama. Unapokaa na kampuni kijijini kwako, uliza hilo hilo: nailoni ikitoboka, maji yanakwenda wapi, na nani anayajua siku hiyo hiyo?

Hoja ya pili ambayo wenye migodi huitoa ni kwamba eneo lenye dhahabu huwa na vyuma kwenye udongo na maji hata kabla ya mgodi kuja, na kwamba wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki. Hoja hii nayo ina ukweli. Mwamba wenye madini ni mwamba wenye madini. Aseniki kwenye kisima cha Tarime haithibitishi moja kwa moja kwamba imetoka kwa mwenye mgodi.

Wataalamu walisema nini

Mwaka huo huo wa 2009, watafiti watatu, Bitala, Kweyunga na Manoko, walitoa ripoti ya vipimo vya udongo, tope la mtoni na maji jirani na North Mara. Walipima vyuma vizito na sayanaidi, na walikuta viwango vya vyuma vilivyopanda sana katika baadhi ya sehemu. Kilichoipa ripoti ile nguvu ni kwamba walikuwa na cha kulinganisha: vipimo vilivyochukuliwa mwaka 2002, wakati mgodi unaanza. Bila namba za 2002, namba za 2009 zingebaki namba tu, na kampuni ingesema asili ya eneo ndiyo hiyo.

Umeona mzozo wote umesimama juu ya nini? Umesimama juu ya kipimo cha kabla. Mwenye kipimo cha kabla ana hoja, asiye nacho ana malalamiko.

Miaka kumi baadaye suala lilirudi. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, liliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi unaohusu bwawa la topesumu, yaani lile bwawa la tope linalobaki baada ya dhahabu kuchenjuliwa. Kampuni ikajibu kwamba haikupewa ripoti wala takwimu za kitaalamu zilizotumika kuitoza faini hiyo. Julai mwaka huo Serikali ikazuia matumizi ya bwawa hilo, na Septemba, Barrick ilipokamilisha kuinunua Acacia, zuio likaondolewa. Tazama kwamba hata kati ya Serikali na kampuni, mabishano yalikuwa juu ya vipimo: viko wapi, nani alipima, nani ameviona.

Siyo kila samaki aliyekufa ameuawa na mgodi

Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi Mto Mara na maji yakawa meusi yenye harufu. Wananchi wengi walielekeza kidole mgodini. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikasema chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na majani yaliyooza, vilivyomaliza oksijeni ndani ya maji. Ripoti ile haikupokelewa vizuri, hata bungeni ilipingwa.

Sitaki kuamua kesi hapa. Nataka uone jinsi kisayansi mambo haya mawili yanavyoachana, maana hata kwenye bwawa lako la samaki utayahitaji.

Vitu vikioza ndani ya maji, oksijeni inashuka. Samaki wanapanda juu kuhema kabla hawajafa, hasa alfajiri. Maji yanakuwa meusi au ya kahawia, yananuka. Lakini pH haishuki sana. Ukipima oksijeni utaikuta chini ya miligramu 3 kwa lita, ambapo samaki wengi huanza kupata shida.

Tindikali ya mawe ni kinyume. Oksijeni inaweza kuwa nzuri tu, maji hayanuki, na mara nyingi yanakuwa maangavu kupita kawaida kwa sababu tindikali hufanya tope lizame chini. Mawe ya mtoni yanashika utando wa rangi ya chungwa au manjano. Konokono wanapotea kabla ya samaki, kwa sababu tindikali inakula magamba yao. Na pH inashuka chini ya 5.

Kwa hiyo vifaa viwili, cha oksijeni na cha pH, vikitumika siku ileile samaki wanapokufa, vinaondoa nusu ya ubishi. Vikija baada ya wiki mbili, maji yaliyoua yameshafika ziwani.

Turudi Mtwara: chokaa haina tabia ya dhahabu

Huku kwetu ukanda wa pwani mwamba mkubwa ni mawe ya chokaa, ndiyo maana kiwanda cha saruji cha Dangote kilijengwa Mtwara na kufunguliwa mwaka 2015. Chokaa haizai tindikali. Inaiua. Mtu akikwambia machimbo ya chokaa yatakuletea maji ya betri, mwambie asome tena.

Lakini chokaa ina hatari zake, na kwa mwenye kisima karibu na bahari hatari kubwa ni moja: chumvi.

Maji baridi ya visima vyetu yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia chini ya ardhi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Kuna kanuni ya zamani ya wataalamu wa maji: kwa kila mita 1 ambayo maji yako ya kisima yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna karibu mita 40 za maji baridi kabla ya kukutana na ya chumvi. Kanuni hii ni ya makadirio, ila inakupa picha. Sasa igeuze: usawa wa maji ukishuka mita 1 na kubaki hivyo, mpaka wa chumvi unaweza kupanda karibu mita 40 kutoka chini. Haitokei kwa siku moja. Inaweza kuchukua misimu. Lakini ikishafika kwenye kisima, kuirudisha ni kazi ngumu.

Shimo la machimbo likichimbwa chini ya usawa wa maji, lazima wayapampu maji ili wafanye kazi pakavu. Hapo usawa wa maji unashuka kuzunguka shimo, na visima vya jirani vinafuata. Mwamba wa chokaa nao una nyufa na mapango, kwa hiyo maji yanaweza kusafiri haraka na kwa njia usiyoitarajia. Kisima cha mita 300 kikabaki salama, cha kilomita 1 kikakauka. Nyufa hizo hizo zinapitisha dizeli iliyomwagika karakana, na mabaki ya baruti ya kupasulia mwamba, ambayo huacha naitreti ndani ya maji. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita, maji hayo si ya kumkorogea mtoto mchanga maziwa.

Ukienda mbali kidogo, Ruangwa kwa mfano, ambako kuna miradi ya kinywe, hadithi inabadilika tena. Miamba ya kinywe mara nyingi huwa na madini ya salfa ndani yake. Huko somo la Tigithe linahusika moja kwa moja, na swali la kwanza kwenye mkutano wa kijiji liwe: mawe taka yamepimwa kama yanazaa tindikali?

Namba tatu za kuanza nazo

Huhitaji maabara kuanza. Unahitaji kifaa cha mkononi cha pH na chumvi, daftari, na kamba yenye uzito ya kupimia kina cha maji kisimani.

Namba ya kwanza ni pH. Kwa umwagiliaji, kawaida ni 6.5 hadi 8.4. Kumbuka pH inakwenda kwa mara kumi kumi: maji ya 5 ni makali mara 100 kuliko ya 7. Kwa hiyo kushuka kutoka 7 hadi 6 si jambo dogo, hata kama bado hujaona mmea umenyauka.

Namba ya pili ni chumvi, ambayo kifaa huisoma kama EC kwa mS/cm. Chini ya 0.7 huna wasiwasi. Kati ya 0.7 na 3 unachagua zao. Zaidi ya 3 ni hatari kwa mboga nyingi. Maharage huanza kupunguza mavuno maji yakizidi 0.7, vitunguu 0.8, hoho 1.0 na nyanya karibu 1.7. Umeona kwamba anayelima hoho atalia kabla ya jirani yake wa nyanya, wakati wanachota kisima kimoja?

Namba ya tatu ni kina cha maji kisimani, kutoka mdomo wa kisima hadi maji yanapoanza, pampu ikiwa imelala usiku kucha. Pima asubuhi, kabla hujawasha.

Kifaa kisahihishwe kwa vimiminika vya pH 4.00 na 7.00 kabla ya kupima. Kifaa kisichosahihishwa kinakudanganya kwa ujasiri mkubwa.

Mfano: kisima kimeanza kuwa na chumvi

Tuseme wewe ni mkulima wa nyanya na hoho, kisima kina mita 18, uko kilomita 2 kutoka bahari, na machimbo yapo kilomita 1 upande wa juu. Novemba, kabla machimbo hayajaanza, uliandika: pH 7.6, EC 0.6, maji yako mita 11 chini. Novemba iliyofuata: pH 7.5, EC 1.4, maji mita 12.5 chini. Hoho zimeungua kingo za majani.

Soma namba hizo moja moja. pH haijabadilika, kwa hiyo siyo tindikali. EC imepanda zaidi ya mara mbili, na usawa wa maji umeshuka mita 1.5. Unapeleka sampuli maabara, unaomba kloridi, salfeti na naitreti. Kloridi ikiwa ndiyo iliyopanda sana na salfeti imefuata kidogo, hiyo ni bahari inaingia. Naitreti ikiwa ndiyo iliyopanda, angalia baruti, lakini angalia pia mbolea yako ya yurea na choo cha jirani.

Je, ni machimbo? Bado hujui. Kuna maswali mawili ya kujibu kwanza. La kwanza: visima vya jirani vimeshuka? Kama visima vilivyo karibu na machimbo vimeshuka zaidi na vya mbali vimeshuka kidogo, mteremko huo unaelekeza kwenye shimo. Kama kilichoshuka ni chako peke yako, uwezekano mkubwa ni pampu yako mwenyewe. La pili: mvua ya msimu uliopita ilikuwaje? Mwaka wa mvua haba, visima vyote hushuka, na mwenye machimbo atakueleza hivyo hivyo, tena kwa haki.

Ndiyo maana nasema mkulima mmoja mwenye daftari ni mwanzo, ila wakulima watano wenye madaftari ni ushahidi. Chagueni visima vitano, viwili karibu na machimbo, viwili katikati, kimoja mbali kabisa upande mwingine. Kile cha mbali ndicho kinachotenganisha mvua na machimbo.

Kuchukua sampuli ambayo haitakataliwa

Vipimo vya maabara vichukuliwe angalau mara mbili kwa mwaka: mwisho wa kiangazi, Oktoba au Novemba, na ndani ya wiki mbili za mvua za kwanza. Kama kuna mto, chukua juu ya mradi na chini ya mradi siku moja. Sampuli ya chini peke yake haisemi kitu.

Omba chupa maabara, usitumie za soda. Chupa ya kupimia vyuma huwekewa tindikali ya nitriki kidogo ili vyuma visigande ukutani mwa chupa. Ya sayanaidi huwekewa alkali. Hizi mbili usizichanganye kabisa, sayanaidi ikikutana na tindikali inatoa gesi inayoua. Kwa kisima, pampu dakika kumi kwanza ili upate maji ya ardhini na siyo yaliyolala kwenye bomba. Kwa chupa isiyo na dawa ndani, suuza mara tatu kwa maji yale yale, jaza hadi juu, funga. Yenye dawa usiisuuze. Weka kwenye deli lenye barafu, fikisha siku hiyo hiyo. pH ipimwe pale pale kisimani, kwa sababu hubadilika njiani.

Kwenye kila chupa andika tarehe, saa, mahali kwa kutumia ramani ya simu, jina la aliyechukua, na mashahidi wawili. Mmoja awe mtendaji wa kijiji, na ikiwezekana mwakilishi wa kampuni. Najua watu hawapendi kumwita mtu wa kampuni. Mwite. Sampuli iliyochukuliwa yeye akiwepo, hawezi kuikana baadaye. Mkigawana chupa, nusu yake nusu yenu, ni vizuri zaidi.

Kwa hapa Mtwara milango ipo: maabara ya maji ya mkoa, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali kanda ya kusini, na kwa udongo TARI Naliendele. Malalamiko ya maji yanaanzia Serikali ya kijiji, yanakwenda Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, na NEMC kwa mazingira. Wakati huo ombeni kuona ripoti ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira ya mradi. Ndani yake kampuni imeandika namba za maji ya mwanzo na imeahidi itafanya nini. Linganisheni namba zao na zenu. Kama kisima chenu hakimo kwenye orodha ya vilivyopimwa, ombeni kiingizwe kabla kazi haijaanza.

Maji yakishabadilika, shambani ufanye nini

Kama pH imeshuka chini ya 5, simamisha kumwagilia na usinyweshe mifugo mpaka majibu ya vyuma yatoke. Chokaa ya kilimo itapandisha pH ya udongo wako, ila haitaondoa vyuma vilivyokwishaingia. Mchicha na mboga nyingine za majani ndizo za kusimamisha kwanza, kwa sababu mlaji anakula jani lenyewe, na maji machafu yanatua juu yake. Wenye majaruba bonde la Ruvuma wajue kwamba mpunga unaosimama ndani ya maji hufyonza aseniki kuliko mazao ya nchi kavu.

Kama tatizo ni chumvi, punguza saa za kupampu, pampu kidogo kidogo kwa muda mrefu badala ya kuvuta kwa nguvu saa mbili. Weka matone chini ya mmea, usinyunyizie juu ya majani. Hamisha hoho na maharage, baki na nyanya mpaka EC itulie. Na usichimbe kisima kirefu zaidi ukidhani unakimbia chumvi. Pwani, ukichimba zaidi unaifuata.

Nimalizie na dokezo la wanaoona utando unaong'aa juu ya maji na kukimbilia kusema ni dizeli ya machimbo. Chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vipande kama kioo, hiyo ni bakteria ya chuma, na visima vingi vya kwetu vinayo toka zamani. Ukijinyoosha na kujiunga tena, hiyo ni mafuta. Hapo chukua chupa, piga picha, mwite mtendaji, na andika saa.

Afisa ugani wenu,
Shangani, Mtwara